Njugu kavu za maganda: saa za moto, kipimo cha chumvi, na kujua zimelainika

*Mama, habari. Nilinunua kilo mbili za njugu kavu za maganda pale Nyamakima nizichemshe, niuze jioni stejini huku Kayole. Mahali nilisoma kwamba saa mbili zinatosha. Nilizichemsha saa tatu nzima na vijiko viwili vya chumvi, lakini ndani bado zinakatika kama mbichi na hata chumvi haijulikani. Zinataka saa ngapi? Chumvi nitie kiasi gani? Na nitajuaje zimelainika sawasawa?*

Salama, mwanangu. Zile saa mbili ni za njugu mbichi, zilizong'olewa shambani siku chache tu zilizopita. Zako ni kavu. Tena waandishi wengi wa maelekezo hayo hupikia karibu na usawa wa bahari, na wewe unapikia Nairobi. Ukavu na mwinuko, kila kimoja kinadai saa zake, na hakuna kinachomsamehe mwenzake.

Tuanze na ukavu kwa sababu ndio mkubwa. Njugu ikitoka udongoni, theluthi moja mpaka nusu ya uzito wake ni maji. Ikianikwa ikakauka vizuri, yanabaki maji kidogo sana, sehemu moja hivi katika kumi. Punje imejikaza, na kabla moto haujaweza kuilainisha ni lazima kwanza maji yarudi mpaka katikati yake. Ukiitia kavu kwenye sufuria na kuwasha jiko, saa mbili za kwanza unalipia gesi ili njugu inywe maji tu, kazi ambayo ingefanyika bure usiku ukiwa umelala. Nadhani hapo ndipo saa zako tatu zilipokwenda.

Kisha mwinuko. Maji yanachemka kwenye nyuzi 100 ukiwa Mombasa. Kila ukipanda mita 300 hivi, kiwango hicho kinashuka kwa takribani nyuzi moja. Nairobi iko kwenye mita kama 1,700, kwa hiyo maji ya sufuria yako yanachemka karibu na nyuzi 94 na hayapandi zaidi ya hapo hata uweke majiko mawili chini yake. Nyuzi sita zinaonekana chache, lakini kwa vitu vya jamii ya kunde, na njugu imo, tofauti hiyo inaongeza saa nzima au zaidi. Mtu wa Kisumu yuko chini yetu, maji yake yanafika 96 hivi, na njugu zake zinatangulia kuiva.

Hapa kuna jambo wapishi wengi hawaliamini mpaka waone: moto mkali hauharakishi. Maji yakishaanza kuchemka, kuyaacha yaruke na kumwagika hakuongezi joto, kunaongeza mvuke tu. Gesi inaisha, maji yanapungua, chumvi inakolea bila wewe kupanga, na njugu ziko kwenye nyuzi zilezile 94. Zikianza kutokota, punguza moto mpaka uone viputo vidogo vikipanda bila kukoma, funika, uache.

Sasa chumvi. Vijiko viwili ni chumvi ya mboga, si ya njugu za maganda. Maji ya njugu yanatakiwa yawe makali kuliko maji ya bahari. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi. Mimi hutumia gramu 50 kwa kila lita. Usiogope idadi hiyo, kwa maana chumvi nyingi inabaki kwenye maji na unaimwaga. Inayoingia ndani ya punje ni kidogo, na inaingia polepole, kwa sababu ina ganda la kupita, kisha ngozi nyembamba, kisha punje yenyewe ambayo karibu nusu yake ni mafuta, na mafuta hayapokei chumvi.

Tena haiingii sana wakati ule unaofikiri. Ndani ya kila ganda kuna hewa. Sufuria ikiwa motoni, hewa hiyo inatanuka na sehemu yake inatoka kupitia vitundu vya ganda, na nafasi inajaa mvuke. Ukizima moto, mvuke unapoa unarudi kuwa maji, hewa iliyobaki inanywea, na ganda linayavuta maji ya chumvi ya nje kama mtoto anavyovuta soda kwa mrija. Ndiyo sababu njugu zinazoelea muda wote wa kuchemka huanza kuzama zikipoa. Anayezimwaga kwenye chujio mara tu anapozima jiko amezinyima mvuto huo. Chumvi aliitia, ila hakuipa nafasi ya kuingia. Kwa hiyo ulaini utautafuta kwenye moto, na ladha ya chumvi utaitafuta baada ya moto. Ukichanganya hayo mawili, utaishia kuongeza chumvi kwenye njugu ngumu, au kuendelea kuchemsha njugu laini ukingoja zikolee.

Nikupe mpango wenye vipimo. Nitaufanya kwa kilo moja ya njugu kavu ili uzidishe utakavyo. Nasema kilo ya mizani, si gorogoro, kwa sababu gorogoro ya njugu za maganda imejaa hewa na haifiki kilo. Tafuta sufuria ya lita 10, maana njugu hizi zina ujazo kuliko uzito. Kilo zako mbili zinataka sufuria ya lita 20, ile ya sherehe.

Usiku, kwenye saa tatu, zichague kwanza. Nitarudi kwenye kuchagua, usikuruke. Kisha zisugue kwa mikono ndani ya karai la maji, umwage, urudie mpaka maji yaache kuwa ya kahawia. Udongo wa shamba unakaa kwenye mistari ya ganda na ukiuacha utaula. Zitie kwenye ndoo, maji yazifunike, na juu yake weka sahani nzito au sufuria ndogo yenye maji ili zisielee. Njugu inayoelea inalowa upande mmoja tu, na kesho utajiuliza kwa nini nusu zimeiva na nusu bado. Kwenye maji haya ya kulowekea tia kijiko kikubwa kimoja cha chumvi kwa kila lita. Chumvi haiikazi punje kama watu wanavyosema, bali husaidia kulegeza kile kinachoshikanisha kuta zake. Ziache saa nane mpaka kumi na mbili. Zaidi ya hapo, hasa Nairobi ikiwa na joto la Februari, maji huanza kutoa povu na harufu ya uchachu.

Asubuhi saa kumi na mbili mwaga maji yale. Zitie njugu kwenye sufuria na umimine lita tano za maji safi. Kama una kile kidumu cha mafuta ya kupikia cha lita tano, ni kimoja kamili. Chumvi yote ya sufuria hii ni gramu 250, yaani nusu ya pakiti ya nusu kilo, lakini usiitie yote sasa. Tia robo ya pakiti. Robo ya pili iweke kando. Sababu ni kwamba kwa saa tano sita maji yatapungua na wewe utaongeza, na ukiwa umeshamaliza chumvi yako yote mwanzoni hutajua tena una maji ya namna gani. Kwa sufuria yako ya kilo mbili itakuwa lita kumi, na pakiti nzima iliyogawanywa mara mbili kwa njia hiyohiyo.

Weka alama ya kimo cha maji. Simamisha mwiko ndani ya sufuria uguse chini, uchore kwa kalamu mahali maji yalipofika. Rudisha ile sahani nzito juu ya njugu, funika, washa. Zitaanza kuchemka kama saa kumi na mbili na nusu, na hapo ndipo unaanza kuhesabu, si pale ulipowasha kiberiti. Kila baada ya dakika arobaini hivi pima kwa mwiko, urudishe maji kwenye alama kwa maji yaliyochemka. Nasisitiza, yaliyochemka. Birika la maji baridi kwenye sufuria hii linazima kuchemka kwa dakika kumi na tano au ishirini, na ukifanya hivyo mara nne umepoteza saa nzima au zaidi bila kujua ilikokwenda.

Saa nne zikitimia, yaani saa nne na nusu asubuhi, onja kwa mara ya kwanza. Usitegemee ziwe tayari. Unaonja ili ujue zimefika wapi. Njugu kavu zilizolowekwa vizuri, hapa Nairobi, nyingi huwa tayari kati ya saa ya tano na ya sita. Zilizokaa ghalani muda mrefu zinaweza kudai ya saba. Ukiona zimebakiza kidogo, tia ile robo ya pili ya chumvi, koroga mpaka iyeyuke, endelea.

Tuseme umezima saa sita na nusu mchana. Usiziguse. Acha sahani juu yake, acha mfuniko, na ziache zipoe kwenye maji yale saa mbili mpaka tatu. Onja ya kwanza baada ya saa moja na nusu, kisha kila nusu saa, na chumvi ikikufaa uzichuje. Kama saa tisa na nusu umeshazichuja, saa kumi na moja uko stejini watu wakishuka kwenye matatu.

Kupima ulaini ni kazi ya vidole kwanza, meno baadaye. Watu wengi huchota njugu moja juu, wanamenya, wanatafuna ikiwa moto, wanasema tayari. Hapo pana makosa matatu. Ile ya juu ndiyo iliyopikwa tofauti na nyingine. Moja haisemi habari za sufuria nzima. Na njugu ya moto inakudanganya, maana ikipoa inajikaza kidogo. Chota sita: mbili za chini kabisa, mbili za katikati, mbili za juu. Kati ya hizo hakikisha zimo zilizokomaa, zenye ganda gumu na mishipa iliyojitokeza. Ukimenya utaona ndani ya ganda pana madoa ya kahawia iliyoiva. Changa, zenye ganda jeupe ndani, zinalainika mapema sana na hazikuambii lolote. Zilizokomaa ndizo za mwisho kuiva, kwa hiyo hizo ndizo hakimu. Ziweke kwenye sahani dakika tano zipoe.

Menya, na maji yaliyomo kwenye ganda uyamwage kabla ya kuonja. Maji hayo ni makali, na ukiyanywa pamoja na punje utasema chumvi imekolea kumbe umeonja maji.

Sasa bana punje kati ya kidole gumba na cha shahada. Ikiwa bado mbichi, itakataa, au itapasuka vipande viwili kwa mlio mdogo, na kila kipande kiko kigumu. Ukiitafuna ina ule ukali wa kunde mbichi unaobaki kooni. Hiyo ina saa mbili mbele yake, au zaidi. Hatua inayofuata ndiyo inayowapotosha wengi. Punje inakubali kuminywa, pembezoni inalegea, lakini katikati kuna kitu kinakataa. Ikate kwa kisu katikati uiangalie kwenye mwanga: utaona pembeni rangi imekuwa ya malai yenye kijivu, iliyolowa, na katikati pana doa jeupe kavu kama chaki. Doa hilo ndilo saa zako. Likiwa kubwa, saa moja na nusu. Likiwa kama kichwa cha kiberiti, nusu saa mpaka dakika arobaini. Njugu zako za saa tatu, kwa ulivyozieleza, zilikuwa bado hazijafika hata hapa.

Iliyo tayari ukiiminya inasagika yote iwe uji mzito usio na chembe, bila kutumia nguvu. Ukiikata ni rangi moja kutoka ukingo hadi ukingo. Ngozi yake nyembamba imeshikana na punje, imekuwa ya rangi iliyofifia ya zambarau au kahawia, na haina tena uchungu ule unaokausha ulimi. Mdomoni inatafunika kama haragwe lililoiva, na ladha ya njugu ya kukaanga haimo kabisa. Anayeitafuta ladha hiyo amekosa sufuria. Sita zote zikiwa hivyo, zima. Tano zikiwa hivyo na ya sita ina doa dogo, zima pia, maana joto la saa ya kwanza ya kupoa litaimalizia. Nne kwa mbili, endelea nusu saa uchote sita nyingine.

Zipo zilizopitiliza. Maganda yanaanza kufunguka yenyewe, maji yanakuwa mazito yenye weupe, na punje inavunjika ukiigusa. Wazee wasio na meno ndio wateja wake, na wanalipa. Lakini kwa biashara ya kutembeza usifike huko, kwa sababu mteja wa stejini anamenya kwa mkono mmoja huku ameshika simu, na punje inayovunjika inabaki kwenye ganda.

Upande wa chumvi, mambo mawili yanaweza kukupata. La kwanza, zimelainika lakini hazina ladha. Usiwashe moto tena kwa saa mbili, utazivunja. Ongeza chumvi gramu hamsini au mia hivi, ichemshe sufuria mara moja kwa dakika kumi ili ganda litanuke tena, zima, uache ivute upya kwa saa moja. La pili, zimekuwa kali mno. Zichuje, zimwagie maji ya moto yasiyo na chumvi mpaka zifunikwe, ziache nusu saa, onja. Chumvi iliyoingia kwa kulowana hutoka kwa kulowana. Kumbuka pia kwamba njugu ya moto huficha chumvi. Iliyo sawa ikiwa moto itakuwa kali kidogo ikipoa. Zikikaribia tu kuwa unavyotaka, chuja.

Wapo watakaokuambia utie magadi ili ziwahi. Ni kweli magadi yanalainisha, na kwenye githeri ya mahindi magumu watu wanayatumia kila siku. Kwenye njugu za maganda mimi siyapendi. Yanafanya ngozi iwe nyeusi, yanaacha ladha ya sabuni ambayo chumvi haiifichi, na yanaharibu sehemu ya vitamini B1 iliyomo. Kuloweka usiku kunakupa sehemu kubwa ya ulichokuwa ukikitafuta kwenye magadi.

Kama tatizo lako ni gesi na si muda, nunua au azima sufuria ya presha. Ndani yake mvuke umefungiwa, kwa hiyo maji yanapanda kupita nyuzi 110 hata hapa kwetu, na habari ya mwinuko inapungua sana. Njugu kavu zilizolowekwa zinataka saa moja na robo mpaka saa moja na nusu tangu presha ipande, kwa kipimo kilekile cha chumvi, ila hapa itie yote mwanzoni kwa kuwa maji hayapungui sana. Usijaze kupita nusu ya sufuria, maana njugu hutoa povu na maganda huacha vinyuzi, na tundu la mvuke likizibwa ni hatari. Ukizima, usifungulie mvuke. Acha presha ishuke yenyewe, kwa sababu kule kushuka ndiko kunakovuta chumvi. Tatizo ni ujazo. Sufuria ya presha ya kawaida ya nyumbani inapokea njugu chache tu, na biashara yako ya kilo mbili itakutaka uipakie zaidi ya mara moja.

Njugu mbichi kabisa ni rahisi kuliko zote, ila zina msimu. Magharibi na Nyanza wanapanda kwenye mvua ndefu za Machi, kwa hiyo mavuno makubwa yanaanza kuteremka Nairobi kuanzia Julai na Agosti, na madogo mwishoni mwa mwaka. Utazijua kwa udongo wenye unyevu kwenye ganda, kwa uzito wake mkononi, na ukiitikisa haichezi ndani. Kavu inacheza na kulia. Hizo huziloweki. Zioshe, uzichemshe kwa gramu 40 hivi kwa lita kwa kuwa zinapokea chumvi upesi, uanze kuonja baada ya saa moja na nusu. Nyingi zimeiva kufikia saa mbili na nusu. Ukipata zile nyekundu za Valensia, zenye punje tatu au nne kwenye ganda moja, chukua hizo: ngozi yake inabaki na rangi nzuri na mteja anaona amepata nyingi. Njugu mbichi usizichanganye na kavu kwenye sufuria moja hata kama muuzaji amezichanganya kwenye gunia. Zitenganishe kwa kuzitikisa.

Na hakikisha hukuuziwa za kukaangwa kwenye ganda. Zipo, na kwa nje zinafanana. Menya moja dukani. Iliyokaangwa ngozi yake inatoka ukiisugua kwa kidole na inanukia; mbichi iliyokauka ngozi imeng'ang'ania na inanuka kama haragwe. Iliyokaangwa hata uichemshe siku nzima haiwi laini unavyotaka.

Sasa kule kuchagua. Njugu zinashika ukungu unaotengeneza sumu ya aflatoksini, na sumu hiyo haifi kwa kuchemshwa. Saa zako sita za moto hazitaiondoa. Zaidi ya watu 100 walikufa Ukambani mwaka 2004 kwa mahindi yenye sumu hiyohiyo, na mahindi yale yalikuwa yamepikwa. Kinga yako ni macho kabla ya kupika. Zimwage kwenye ungo au gunia safi mahali penye mwanga. Tupa zenye ganda lililopasuka, lenye tundu la mdudu, lenye weusi au unga wa kijani. Menya kumi bila kuchagua. Ukikuta punje zilizosinyaa, zenye madoa, au zenye harufu ya ukale kwenye zaidi ya moja au mbili, rudisha gunia kwa mwenyewe. Usijaribu kuokoa gunia baya kwa kulichambua. Macho hayaoni kila punje yenye sumu, na ganda linaficha. Nunua zilizo kavu zinazolia, zilizohifadhiwa kwenye gunia linalopitisha hewa.

Ukishazichuja kwa ajili ya kuuza, usizirudishe kwenye maji ya chumvi ili zikae moto. Zitaendelea kuvuta, na ya saa mbili usiku itakuwa chungu wakati ya saa kumi na moja ilikuwa tamu. Ziweke kwenye kikapu kilichotandikwa kitambaa safi, uzifunike kwa kingine kizito, zitabaki vuguvugu jioni nzima. Maji uliyochujia unaweza kuyatumia mara moja zaidi kama utapika siku hiyohiyo, lakini onja kwanza na uongeze chumvi kidogo, maana kundi la kwanza limechukua sehemu yake na umeongeza maji njiani. Kesho yake yamwage.

Zilizobaki usizilaze nje. Njugu iliyochemshwa ni chakula chenye unyevu na mafuta, na chumvi ya kiasi hiki haiilindi. Kwenye friji, zikiwa zimechujwa, zinafika siku nne au tano. Kwenye friza hata mwezi, ukizipasha kwa kuzichemsha dakika kumi zikiwa bado na barafu. Bila friji, zihesabu kuwa za siku hiyo. Asubuhi ukigusa ganda ukakuta utelezi, au ukimenya ukasikia harufu ya uchachu, usizichemshe tena ili uziuze, zimwage. Kwa hiyo wiki ya kwanza anza na kilo moja tu jioni, uone zinaisha saa ngapi, ndipo uende kwenye ile sufuria ya lita 20.